Salio la Likizo la Fundi wa Boila

Kiwandani kwetu watu hawakuonyeshana mishahara. Walionyeshana likizo.

Chini kabisa ya hati ya mshahara, baada ya kodi na makato ya mfuko wa hifadhi, palikuwa na mstari ulioandikwa "salio la likizo", na mbele yake namba ya siku ambazo mtu alikuwa hajazitumia. Kila mwisho wa mwezi, wakati wa mapumziko, watu wa mashine walikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kunyaushia majani ya chai wakalinganisha namba zao. Mwenye siku chache alitaniwa kwamba ni mtu wa kuzurura. Mwenye nyingi alitaniwa pia, lakini kwa heshima, kama anavyotaniwa mtu aliyenunua shamba.

Bingwa alikuwa fundi wa boila. Siku zake zilikuwa zimepita mia mbili. Dereva wa trekta alipenda kusema kwamba siku mzee huyo atakapostaafu, kiwanda kitauza mitambo ili kimlipe. Fundi hakucheka wala hakukana. Alikunja hati yake mara nne akaitia kwenye mfuko wa shati, akarudi kwenye moto wake.

Mimi ndiye niliyekuwa nachapisha hati hizo. Nilikuwa na shahada, cheo cha afisa rasilimali watu, na chumba cha kupanga Soni ambako nguo zilichukua siku tatu kukauka. Nyumbani kwa baba yangu ni Mazinde, bondeni, kando ya barabara iendayo Same. Ni mwendo wa kushuka tu mpaka Mombo na kusogea kidogo, mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Nilikuwa siendi. Mimi na baba tuliachana vibaya juu ya sala, au tuseme juu ya maswali yangu kuhusu sala. Hakunifukuza. Aliacha tu kuniuliza nitakuja lini, nami nikaacha kumwambia.

Kwa hiyo jioni, kabla ya kuondoka, nilikuwa napita kwenye boila. Nilijiambia nafuata joto, na ilikuwa kweli, maana ofisi yangu ilikuwa upande usiopata jua na ukungu uliingia dirishani kama mtu mwenye ufunguo. Nilimwamkia fundi, akaitikia, akanisogezea ndoo niliyokuwa nakalia. Muda mwingi hatukuzungumza. Alitazama geji ya mvuke, akachagua gogo la mkaratusi, akafungua mlango wa tanuri, akalisukuma ndani, akafunga. Yeye peke yake pale kiwandani ndiye aliyekuwa na cheti cha kuendesha boila. Msaidizi wake alijua kazi ila hakuwa na cheti, na bila mwenye cheti boila haiwashwi, na bila boila chai haikauki. Ndiyo maana kila mwaka meneja alimwita, akamwomba asogeze likizo mbele, naye akatia sahihi kwamba amekubali.

Nilimuuliza siku moja kama haoni ni vibaya, mtu kukaa miaka bila kupumzika.

"Nipumzike wapi?" akasema.

Mke wake alikuwa amefariki. Nyumba yake ilikuwa kijiji cha ukingoni, kupita Lushoto mjini, pale milima inapokatika ghafla. Siku za kazi alilala kota za kiwanda, akapanda kwake Jumamosi na kurudi Jumapili baada ya ibada. Watoto wake wawili walikuwa mbali, binti Tanga na kijana Dar es Salaam.

Halafu akanieleza mpango wake. Alitaka kulijengea kaburi la mke wake. Si kumwaga zege tu. Alitaka mawe ya mto pembeni, saruji juu, msalaba, watoto wote wawepo na wajukuu, kwaya ya usharika ije, achinjwe ng'ombe, majirani wale. Kwa Walutheri wa huku jambo hilo lina uzito wake. Mtu anaweza kukaa miaka akisubiri kulifanya vizuri, maana kulifanya ovyo ni kama kumzika marehemu mara ya pili bila watu.

"Nikistaafu Desemba nitalipwa siku zangu," alisema. "Hizo ndizo zitafanya ile kazi."

Alizizungumzia siku zake kama alivyozizungumzia kuni. Kule nyuma ya boila magogo yalipangwa kwa safu, ya mwaka huu mbele, ya mwaka jana nyuma, na ya nyuma ndiyo yaliyowaka vizuri zaidi. Aliamini siku nazo ni hivyo, kwamba ya zamani ndiyo iliyoiva.

Mimi, kama ilivyo kawaida yangu, nikauliza swali ambalo sikuulizwa. Nilisema marehemu hasikii saruji. Kwa nini asitumie pesa hizo kwa ajili yake mwenyewe?

Hakukasirika. Alisema kaburi liko kwenye mteremko. Kila masika maji yanashusha udongo, naye anapanda na jembe kuurudisha juu. Masika iliyopita aliurudisha mara mbili. "Sina nguvu za kumpandisha kila mwaka," akasema, akageukia geji.

Mwanzoni mwa Oktoba nilianza kuandaa mafao yake ya kustaafu. Sikutaka kunakili tu alichoandika mtangulizi wangu, nikafungua sheria ya ajira nikaisoma mwenyewe. Nimezoea kutoamini namba mpaka nijue imetoka wapi. Safari hii ningetamani kutojua.

Sheria inampa mfanyakazi siku ishirini na nane za likizo kwa kila mzunguko wa miezi kumi na miwili, mfululizo, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mwajiri ndiye anayepanga lini, lakini isizidi miezi sita baada ya mzunguko kwisha. Inaweza kufika miezi kumi na miwili iwapo mfanyakazi amekubali na shughuli za kazi zinadai hivyo. Baada ya hapo, hakuna tena kusogeza. Na anayeacha kazi hulipwa likizo aliyoichuma, siku moja ya mshahara kwa kila siku kumi na tatu alizofanya kazi, isipokuwa ile ambayo hakuichukua ndani ya muda huo. Hiyo hana haki ya kulipwa.

Kwetu mzunguko uliisha Desemba. Siku za mwaka huu zilikuwa salama, angelipwa akiondoka. Siku za mwaka jana, alizokubali kuzisogeza, zilikuwa hai mpaka mwisho wa Desemba hii, kwa sharti azichukue. Zote zilizokuwa nyuma ya hizo, zile zilizokuwa zikitajwa kwenye benchi kwa heshima, zilikuwa zimekufa moja baada ya nyingine, mwaka baada ya mwaka, huku tukiendelea kuzichapisha. Kompyuta ilikuwa imepangwa kujumlisha. Hakuna aliyeiambia lini iache.

Nilimpigia simu afisa kazi Tanga. Sikutaja jina la mtu, niliuliza kama mwanafunzi. Alinisikiliza, akasema nimesoma sawa. Nilimuuliza, je, namba iliyochapishwa kwenye hati ya mshahara si ahadi? Alisema mtu anaweza kwenda kujaribu kusema hivyo mbele ya Tume ya Usuluhishi, ila yeye asingemshauri mzee yeyote ajengee nyumba juu ya hoja hiyo. Alisema nyumba. Nilifikiria kaburi.

Nikaenda kwa meneja. Hakuwa mtu mbaya. Alisema mzee alikubali mwenyewe kila mwaka na sahihi zake zipo. Nilimwambia kukubali kunasogeza likizo kwa mwaka mmoja tu, si kumi. Akasema basi hakuna shida, likizo ya mwaka jana mzee atalipwa akiondoka. Nilimwambia akiondoka Desemba muda utakuwa umepita, makao makuu wakikataa tutakuwa hatuna la kusema. Kuna njia mbili, nikasema. Aandike leo kwamba mzee ameitwa kazini wakati wa likizo yake na kampuni itamlipa mshahara wa mwezi badala yake, au amruhusu aende sasa, kabla mwaka haujaisha. Nilimsogezea kalamu, jambo ambalo mtu wa cheo changu hapaswi kulifanya. Aliitazama. Alisema bajeti ya kulipa mshahara mara mbili haipo.

"Basi aende," nikasema.

"Vuli imeanza, bwana mdogo. Majani yanaingia. Nani atawasha?"

Ilichukua wiki moja ya simu kumpata fundi mwenye cheti kutoka kiwanda kingine, upande wa Muheza, aliyekubali kuja kwa muda. Meneja alitia sahihi bila kuniangalia.

Ilibaki kumwambia mwenyewe.

Nilikwenda mchana, si jioni kama kawaida yetu. Sikukaa kwenye ndoo. Nilianza na habari njema, kwamba atapata likizo ya mwezi mzima na mshahara wake atalipwa kabla hajaondoka, kama sheria inavyotaka, na Desemba atalipwa siku za mwaka huu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasubiri, maana alijua sijamaliza.

"Mzee wangu, zile za nyuma hazipo."

"Zimekwenda wapi?"

"Muda wake ulipita. Sheria haizitambui."

"Kuna mtu alizichukua?"

"Hakuna."

"Mimi nilizitumia?"

"Hukuzitumia."

"Basi zipo," akasema.

Nilijaribu kueleza tena. Nilisikia sauti yangu ikieleza vizuri, kwa mpangilio, kama niko mbele ya darasa, na nikaichukia. Alifungua mlango wa tanuri, akatia gogo ambalo halikuhitajika, akafunga. Kisha akatoa hati yake mfukoni, akaikunjua, akanionyesha mstari wa chini kwa kidole cheusi.

"Hii uliandika wewe."

Nilisema ndiyo.

Akaikunja tena mara nne na kuirudisha mfukoni. Hakunitupia neno lolote. Hilo ndilo nililoondoka nalo.

Mwezi huo nilirekebisha kompyuta ili hati za watu wote zionyeshe siku zilizo hai tu, na nikabandika maelezo ukutani. Nilidhani nafanya haki. Kwenye benchi walisema kijana wa chuo amekula siku za watu. Dereva wa trekta aliniuliza mbele ya wenzake kama zilikuwa tamu. Wiki iliyofuata maombi ya likizo yalimiminika mezani kwangu, hata ya watu ambao hawajawahi kuomba, na kila aliyeleta karatasi aliiweka na kuondoka bila kusubiri nimwambie karibu. Nilifanya kazi siku hizo nikiongea na simu tu. Jioni sikuwa na pa kupita. Kwenye boila alikuwepo yule mgeni wa Muheza, mtu wa kusikiliza mpira kwenye redio, na ile ndoo ilikuwa imewekwa mifagio.

Siku ya tatu ya likizo yake, mlinzi alinipigia kutoka getini. Nilishuka. Fundi alikuwa ameshaingia. Nilimkuta amesimama nyuma ya boila, kwenye kuni, anapanga upya safu ambayo mgeni aliivuruga.

Nilimwamkia. Aliitikia.

"Mzee, uko likizo. Siruhusiwi kukuacha ufanye kazi."

"Sifanyi kazi."

"Unapanga kuni."

Alilitazama gogo alilolishika, akaliweka chini taratibu. Akakaa juu ya safu. Nikakaa karibu naye, kwa kuwa sikujua la kufanya jingine. Sheria hiyo nayo niliijua, kwamba mwajiri asimtake wala asimruhusu mtu kufanya kazi akiwa likizo, na nilipoisoma nilifikiri imewekwa kuwazuia wakubwa. Sikufikiri kuna siku nitaitumia kumwondoa mtu kwenye joto.

Aliniambia kwamba nyumbani anaamka saa kumi na moja kama kawaida, anavaa, halafu hana pa kwenda. Jumamosi na Jumapili zinapita haraka, lakini Jumatatu ni ndefu. Alikuwa hajawahi kuiona nyumba yake Jumatatu tangu mkewe afe. Alisema kuna mwanga unaoingia jikoni saa nne asubuhi na kufika mpaka kwenye mafiga, na kwamba mkewe lazima alikuwa akiuona kila siku, naye hakuwa akijua kama upo.

Nilitaka kumuuliza habari za kaburi, nikaogopa. Akasema mwenyewe.

"Ng'ombe hakuna. Kwaya nayo huwezi kuiita halafu usiilishe." Alipangusa vumbi la kuni mikononi. "Saruji Mombo bei yake ikoje sasa, wewe si mtu wa kule?"

Nilimwambia nitauliza. Nilimsindikiza mpaka getini, akapanda bodaboda. Mlinzi alifunga geti nyuma yake kwa namna iliyonifanya nijione askari.

Kuuliza bei ya saruji Mombo kulimaanisha kumpigia baba. Ana duka dogo la vifaa vya ujenzi Mazinde, bei zote anazijua kichwani. Nilimpigia. Tuliongea saruji. Aliniuliza ni ya nini, nikamwambia, nikajiandaa kwa hotuba juu ya makaburi yanayojengewa, maana najua msimamo wake, kwamba kaburi halijengewi. Badala yake akasema mifuko itapanda na lori la mchanga siku ya Ijumaa, nimwambie mzee asihangaike na usafiri. Kisha akasema haya, akakata. Hakuniuliza nitakuja lini.

Jumapili nilikwenda. Sikualikwa hasa, fundi alinitumia ujumbe kwamba saruji imefika na kazi ni baada ya ibada. Bodaboda iliniacha kanisani, nikashuka kwa mguu kati ya migomba na miti ya peasi. Kaburi lilikuwa chini ya nyumba, kwenye mteremko kweli, nami nilipofika nikaona alichokuwa akikisema. Udongo ulikuwa umetelemka upande mmoja hadi ukawa kama mtu aliyelala akavutiwa shuka.

Walikuwepo watu wachache. Binti yake kutoka Tanga na mtoto mgongoni, mwinjilisti aliyevua koti la ibada akabaki na shati, majirani watatu, na mwashi ambaye alikuwa mmoja wa majirani hao. Mawe ya mto yalikuwa yameshapangwa kuzunguka. Fundi mwenyewe ndiye aliyeyabeba, binti alinieleza, siku zote hizo, mawili mawili, kutoka mtoni hadi hapo. Alikuwa amepata kazi ya kufanya Jumatatu.

Kijana wa Dar es Salaam hakuja. Nilisikia habari zake wakati tunakoroga zege. Mwinjilisti aliuliza kama bado yuko njiani, na fundi akasema hapana, alimpigia, kazini kwao wamemwomba asogeze likizo yake mpaka mwaka ujao, naye amekubali.

"Amesema amezitunza siku zake," fundi akasema. "Zikiwa nyingi ndipo atakuja, akae sana."

Mwashi aliongeza maji.

"Ukamwambiaje?" binti akauliza.

"Nilimwambia kuna kijana huku anajua sheria. Nitampa namba yake." Akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Na wewe za kwako umeziweka wapi?"

Nilimwambia ninazo. Ni kweli, nilikuwa nazo za mwaka jana zote. Juni ilipopita nilijiandikia sababu, majukumu ya ofisi, nikatia sahihi kwamba nimekubali, meneja akatia yake bila kusoma. Fomu yetu ina sehemu ya kujaza mahali utakapokuwa wakati wa likizo. Nilikuwa nimeijaza mara mbili na kuichana mara mbili, kwa sababu ya sehemu hiyo.

"Zinaishia lini?"

"Desemba."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesoma geji. Desemba alistaafu, akalipwa za mwaka ule kama nilivyomwahidi, na zile za nyuma hakuzitaja tena, mbele yangu walau. Bado najiuliza kama alinisamehe au aliniacha tu. Kwa mtu asiyependa maneno ni vigumu kujua.

Lakini siku ile zege lilikuwa linakauka upesi kuliko maji yalivyoletwa, na mwashi alikuwa anapiga kelele. Fundi alinipa ndoo. Niliposimama nikaona, chini kabisa, baada ya mwamba kukatika, uwanda wote ukiwa na jua ambalo kwetu halikuwepo, barabara ya Same ikiwa uzi, na mabati ya Mazinde yakimeta. Nilijaribu kutafuta la baba, nikalikosa. Kwa urefu ule yote ni mamoja.

"Mto uko huku," fundi akasema nyuma yangu. "Shuka pole pole, panateleza."

Nikashuka.